Alama za utambulisho wa watakatifu katika sanaa

Alama za utambulisho wa watakatifu katika sanaa ya Kikristo ni vitu, wanyama, mavazi na ishara zinazochorwa au kuchongwa pamoja na mtakatifu ili mtazamaji ajue ni nani. Petro hushika funguo, Katerina wa Aleksandria husimama karibu na gurudumu, Laurenti hubeba wavu wa chuma wa kuchomea nyama. Sura ya uso kwa kawaida haisaidii, kwa kuwa wasanii walio wengi hawakujua watakatifu hao walifananaje, wala hawakudai kujua.

Matumizi ya alama hizo yalistawi hasa katika Ukristo wa Magharibi kuanzia Karne za Kati. Ukristo wa Mashariki ulifuata njia tofauti kiasi, kama inavyoelezwa hapo chini.

## Sababu za kutumia alama

Agano Jipya halisemi lolote kuhusu sura ya Yesu, ya Bikira Maria wala ya mitume. Augustino wa Hippo, katika kitabu chake kuhusu Utatu, alikiri kwamba kila mtu anayesoma habari za Yesu au barua za Paulo hujiwazia uso wake kwa namna yake, na kwamba imani haitegemei uso huo. Kuhusu wafiadini wa karne za kwanza hali ni hiyohiyo: mara nyingi kilichobaki ni jina, mahali pa kaburi na tarehe ya kifo, na masimulizi marefu yaliandikwa baadaye.

Petro na Paulo ni kati ya wachache wasiofuata kanuni hiyo kikamilifu. Tangu karne ya 4 Petro huonyeshwa akiwa na nywele nene na ndevu fupi za mviringo, na Paulo akiwa na kipara na ndevu ndefu zilizochongoka. Mchoro wa Paulo wa namna hiyo, wa mwishoni mwa karne ya 4, ulitambuliwa mwaka 2009 katika katakombu ya Tekla mjini Roma. Hata hivyo huo ni mtindo uliokubalika tu. Hakuna uthibitisho kwamba ulitokana na kumbukumbu ya watu waliowaona mitume hao.

Kwa watakatifu wengine ilihitajika njia nyingine. Njia rahisi ni kuandika jina, lakini waamini wengi hawakujua kusoma, na sanamu iliyosimama juu ukutani haikuwa na nafasi ya maandishi yanayoonekana kutoka chini. Kitu kilichoshikwa mkononi kilionekana mara moja.

## Aina za alama

Alama zinagawanyika katika makundi mawili, na ni muhimu kutozichanganya.

Alama za jumla zinaonyesha mtakatifu ni wa aina gani bila kumtaja ni nani. Duara la nuru kichwani linaonyesha utakatifu. Tawi la mtende linaonyesha mfiadini, kwa sababu kwa Warumi wa kale lilikuwa ishara ya ushindi. Kofia ya kiaskofu na fimbo ya kichungaji zinaonyesha askofu, dalmatika inaonyesha shemasi, kanzu ya kitawa inaonyesha shirika, na kitabu kinaweza kumaanisha mtume, mwinjili, mwalimu wa Kanisa au mwanzilishi wa shirika.

Alama za pekee zinamtaja mtu mmoja. Nyingi zinatoka katika habari ya kifo chake. Laurenti ana wavu wa chuma kwa sababu inasimuliwa alichomwa juu yake, na Apolonia ana koleo lenye jino kwa sababu watesi wake walimvunja meno. Nyingine zinatoka katika maisha au katika muujiza, kama ganda la kombe la mtume Yakobo Mkubwa, ambalo mahujaji waliotembelea kaburi lake huko Santiago de Compostela walirudi nalo likiwa limeshonwa kwenye kofia.

Kuna pia alama zilizotokana na jina. Agnes ana mwanakondoo kwa sababu jina lake, ambalo asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya "safi", linakaribiana kwa sauti na neno la Kilatini *agnus*, yaani mwanakondoo. Lusia wa Sirakusa ana macho mawili juu ya sahani. Jina lake linahusiana na neno la Kilatini lenye maana ya "nuru", naye aliombwa na watu wenye magonjwa ya macho. Masimulizi ya zamani zaidi kuhusu kifodini chake hayasemi kwamba aling'olewa macho. Habari hiyo ilienea baadaye. Hivyo isidhaniwe kwamba kila alama inarekodi tukio: wakati mwingine alama ndiyo iliyozaa simulizi.

## Asili na uenezi

Mji wa Ravenna, nchini Italia, unaonyesha vizuri jinsi desturi hiyo ilivyoanza. Katika basilika la Sant'Apollinare Nuovo, mozaiki za katikati ya karne ya 6 zinaonyesha maandamano mawili, moja la wafiadini wanaume, lingine la mabikira. Mabikira wanafanana sana kwa nyuso, kwa mavazi na kwa mataji wanayobeba. Majina yao yameandikwa juu ya vichwa vyao, na bila maandishi hayo karibu wote wasingetambulika. Agnes ndiye anayejulikana bila kusomwa, kwa kuwa mwanakondoo anatembea miguuni pake.

Katika mji huohuo, jengo linaloitwa kaburi la Galla Placidia, la karne ya 5, lina mozaiki ya mwanamume anayeelekea kwenye wavu wa chuma wenye moto chini yake, huku upande wa pili kukiwa na kabati lenye vitabu vya Injili nne. Kwa kawaida anatajwa kuwa Laurenti. Hata hivyo, wataalamu wengine wamependekeza Vinsenti wa Zaragoza, kwa kuwa yeye pia alikuwa shemasi na inasimuliwa aliteswa kwa chombo cha namna hiyo. Jina halikuandikwa, na wavu peke yake hauwezi kumaliza ubishi huo.

Katika karne ya 13 alama ziliongezeka na kupata utaratibu zaidi. Sababu mojawapo ni kitabu cha Yakobo wa Voragine, Mdominiko wa Italia, kinachojulikana kama *Legenda Aurea*. Kilikusanya habari za watakatifu kwa mfuatano wa sikukuu za mwaka, kikanakiliwa na kutafsiriwa sana, na wachoraji pamoja na wateja wao walipata humo hadithi zilezile.

## Jinsi ya kumtambua mtakatifu

Wanaochunguza picha za namna hii kwa kawaida hufuata hatua nne:

1. Kutazama mavazi na hali ya mtu: askofu, shemasi, mtawa, askari, mkaapweke, bikira mwenye taji.
2. Kutafuta alama za jumla, hasa tawi la mtende.
3. Kutafuta alama ya pekee. Mara nyingi haiko mkononi bali chini ya miguu, kwenye pindo la nguo, au mbali nyuma katika mandhari.
4. Kulinganisha jibu na mazingira: kanisa liliwekwa chini ya jina la nani, nani alilipia kazi hiyo, na ni watakatifu gani wengine waliochorwa pamoja naye.

Hatua ya nne ni muhimu kwa sababu alama nyingi zinatumiwa na watakatifu zaidi ya mmoja, na majina mengi pia ni ya watu zaidi ya mmoja.

### Mfano: altare ya Hans Memling huko Brugge

Mfano mzuri ni altare ya watakatifu Yohane iliyochorwa na Hans Memling kwa ajili ya hospitali ya Mtakatifu Yohane mjini Brugge, katika Ubelgiji wa leo. Ina tarehe ya mwaka 1479 na bado inatunzwa katika hospitali hiyo ya zamani, ambayo sasa ni makumbusho. Ina ubao mkubwa wa katikati na mabawa mawili yanayoweza kufungwa, nayo yamechorwa pande zote mbili.

Katikati ameketi Bikira Maria akiwa na Mtoto Yesu. Mbele yake wameketi wanawake wawili vijana waliovaa vizuri, wenye nyuso tulivu zinazokaribia kufanana. Wangebadilishana vichwa, hakuna ambaye angegundua. Mmoja ananyosha mkono na Mtoto Yesu anamvisha pete kidoleni. Pete hiyo inakumbusha arusi ya kiroho na Kristo, lakini haitoshi, kwa kuwa Katerina wa Siena pia anaonyeshwa akipokea pete. Huyo wa Siena, hata hivyo, huvaa kanzu nyeupe na joho jeusi la Wadominiko. Huyu amevaa kama binti wa mfalme, na kwenye pindo la nguo yake kuna kipande cha gurudumu na upanga. Basi ni Katerina wa Aleksandria. Kadiri ya masimulizi, gurudumu lililoandaliwa kumtesa lilivunjika kwa nguvu ya Mungu, naye akauawa kwa upanga. Ndiyo sababu vitu vyote viwili vinahitajika: gurudumu linamtofautisha na wengine, na upanga unasema alivyokufa.

Mwanamke wa pili anasoma kitabu. Kitabu ni alama ya jumla na hakitoi jina. Nyuma yake, hata hivyo, unasimama mnara, na huo ni wa Barbara, ambaye inasimuliwa alifungiwa mnarani na baba yake. Wachoraji wengi huupa mnara huo madirisha matatu kwa heshima ya Utatu, kwa kuwa katika hadithi Barbara mwenyewe aliagiza dirisha la tatu litobolewe.

Kuna pia wanaume wawili waliosimama, nao wote wawili wanaitwa Yohane. Yohane Mbatizaji anajulikana kwa vazi la ngozi ya ngamia na kwa mwanakondoo aliye karibu naye, kwa sababu katika Injili ndiye aliyemwita Yesu Mwanakondoo wa Mungu. Yohane Mwinjili ni kijana asiye na ndevu, naye ameshika kikombe. Kikombe hicho kinatokana na hadithi kwamba huko Efeso alipewa sumu anywe, akaibariki, naye hakudhurika. Katika picha nyingi nyoka mdogo au joka hutoka ndani yake. Mabawa yanathibitisha majibu hayo: moja linaonyesha Mbatizaji aliyekatwa kichwa, lingine linamwonyesha Mwinjili kisiwani Patmo akiona maono ya Ufunuo.

Mabawa yakifungwa, wanaonekana watawa wanne wa hospitali, wanaume wawili na wanawake wawili, wakiwa wamepiga magoti. Nyuma ya kila mmoja amesimama mtakatifu. Wa kwanza ana fimbo na vazi la hujaji, kwa hiyo ni Yakobo Mkubwa. Wa pili ni mzee mwenye nguruwe, yaani Antoni Abati wa Misri. Si Antoni wa Padua, ambaye waamini wa leo wanamzoea zaidi: huyo huvaa kanzu ya Wafransisko, hushika ua la yungi na mara nyingi humbeba Mtoto Yesu. Wa tatu ni msichana mwenye mwanakondoo, yaani Agnes. Wa nne ni mtawa aliyeshika monstransi, yaani Klara wa Asizi, ambaye inasimuliwa aliwazuia maadui kuingia monasterini mwake kwa njia ya Ekaristi.

Hapo mwanakondoo ameonekana mara ya pili katika kazi moja, lakini hakuna utata. Nje yuko na bikira, ndani yuko na mwanamume mwenye vazi la ngozi ya ngamia. Tena watakatifu wa nje wana kazi nyingine: watawa wale wanne waliitwa Yakobo, Antoni, Agnes na Klara. Hivyo alama za watakatifu zinataja pia majina ya watu waliopiga magoti mbele yao. Ni wao wanne, si watakatifu, waliochorwa kwa sura zao halisi.

## Uso wa mtu mwingine

Kwa kuwa uso haukuwa na kazi ya kumtambulisha mtakatifu, ulibaki wazi kutumiwa kwa lengo lingine. Mnamo 1500 Albrecht Dürer alichora altare kwa familia ya Paumgartner ya Nuremberg, ambayo sasa iko Munich. Kwenye mabawa wamesimama askari wawili watakatifu. Mmoja ana joka aliyeuawa, naye ni Jorji. Mwingine ana bendera yenye kichwa cha paa dume na msalaba kati ya pembe, naye ni Eustaki, ambaye inasimuliwa aliongoka baada ya kuona maono ya namna hiyo alipokuwa anawinda. Nyuso zao ni za ndugu wawili wa familia hiyo, Stefano na Luka Paumgartner. Mtazamaji wa wakati ule hakuchanganyikiwa: joka lilisema ni Jorji, na uso ulisema nani aliyemchagua Jorji kuwa mfano wake.

Katika karne ya 17 mabawa hayo yalipakwa rangi upya, yakaongezwa mandhari na farasi kadiri ya ladha ya wakati huo. Nyongeza hizo ziliondolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Tukio hilo linaonyesha kwamba kinachoonekana juu ya picha leo si lazima kiwe kazi ya mchoraji wa kwanza.

## Makosa katika utambuzi

Kosa la kawaida ni kutegemea alama moja tu. Upanga unaweza kuwa wa Paulo, wa Katerina wa Aleksandria au wa wafiadini wengine wengi waliokatwa kichwa. Joka linaweza kuwa la Jorji, la malaika mkuu Mikaeli au la Margareta wa Antiokia. Kati ya hao watatu mabawa yanamtenga Mikaeli na mavazi ya kike yanamtenga Margareta, lakini vipande vya sanamu iliyovunjika havitoi nafasi ya kulinganisha hivyo.

Sanamu za mbao na za mawe ndizo zenye shida kubwa zaidi. Alama mara nyingi ilichongwa peke yake na kupachikwa mkononi, kwa hiyo ndiyo iliyopotea kwanza, ikafuatiwa na vidole. Mkono mtupu wenye ngumi iliyotobolewa unaonyesha kwamba kitu kilishikwa, na upana na mwelekeo wa tundu unaweza kudokeza kama kilikuwa fimbo, mkuki au tawi. Wakati wa matengenezo wengine waliongeza kitu kipya kwa kubahatisha, na mtakatifu akabadilishwa jina. Dalili za nyongeza ni aina tofauti ya mbao, rangi isiyo na tabaka za zamani chini yake, na kiungo kisicholingana na tundu la awali.

Kosa lingine ni kusoma vibaya kitu chenyewe. Agata wa Sicilia hubeba sahani yenye matiti mawili, kwa kuwa inasimuliwa alikatwa matiti. Yanapochongwa bila rangi yanaweza kudhaniwa kuwa mikate au kengele.

Tena baadhi ya alama zinatokana na kuunganisha watu kadhaa. Chupa ya marhamu ya Maria Magdalena inategemea desturi ya Magharibi, iliyoimarishwa na Papa Gregori I, ya kumhesabu kuwa ni mtu mmoja na mwanamke mkosefu aliyempaka Yesu marhamu katika Injili ya Luka. Wakristo wa Mashariki hawakufuata maoni hayo. Hata hivyo wao pia humchora na chombo cha marhamu, lakini kwa sababu nyingine: alikuwa kati ya wanawake waliokwenda kaburini kuupaka mwili wa Yesu.

## Picha takatifu za Mashariki

Katika makanisa ya Mashariki alama za pekee ni chache zaidi, na mambo mawili yanachukua nafasi yake. La kwanza ni jina, ambalo linaandikwa kwenye picha yenyewe na kuhesabiwa kuwa sehemu yake ya lazima. La pili ni aina ya uso iliyowekwa na mapokeo. Basili Mkuu, Gregori wa Nazianzo na Yohane Krisostomo wote ni maaskofu wenye mavazi na vitabu vya namna moja, lakini Basili ana ndevu ndefu nyeusi zilizochongoka, Gregori ana ndevu pana nyeupe na kipara, na Krisostomo ana paji kubwa la uso na ndevu fupi haba.

Katika karne ya 18 mtawa Dionisi wa Fourna, wa mlima Athos, aliandika mwongozo wa wachoraji unaoeleza watakatifu kwa umri na umbo la ndevu. Aina hizo zinatunzwa kwa kunakili picha za zamani. Kwa hiyo hata hapo ndevu zinafanya kazi inayofanana na ya gurudumu au mnara: ni alama iliyokubaliwa, ila imewekwa usoni.

## Nyakati za mwisho

Mtaguso wa Trento, katika agizo lake la mwaka 1563 kuhusu picha takatifu, ulitetea matumizi yake lakini ukadai ziepushwe na mafundisho ya uongo, na maaskofu wasimamie picha zisizo za kawaida. Alama za zamani kwa sehemu kubwa ziliendelea. Mwaka 1969 sikukuu za Barbara na Katerina wa Aleksandria ziliondolewa katika kalenda ya jumla ya Kanisa la Kilatini kutokana na udhaifu wa ushahidi wa kihistoria. Ile ya Katerina ilirudishwa mwaka 2002 kama kumbukumbu ya hiari. Gurudumu na mnara havikuathirika.

Upigaji picha ulibadilisha hali kwa watakatifu wapya. Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897, alipigwa picha mara nyingi na dada yake Selina ndani ya monasteri ya Lisieux, hivyo uso wake unajulikana kabisa. Hata hivyo sanamu zake hutambulikana kwa mawaridi na msalaba anaoukumbatia, na mara nyingi uso uliochongwa haufanani sana na ule wa picha.